Jaribio Lipi Liotomatishwe na Lipi Libaki Mkononi: Jinsi ya Kupima Kabla ya Kuandika Msimbo

Mwongozo huu unahusu uamuzi mmoja ambao timu za programu huufanya kila mara na kuupima kwa nadra: katika orodha ya majaribio yanayofanywa kwa mkono kabla ya kila toleo, ni yapi yaandikiwe msimbo ili yajiendeshe yenyewe, na ni yapi yaachwe mikononi mwa mjaribu. Mfano tutakaoufuata ni wa mfumo wa wavuti unaowatoza wateja ada ya kila mwezi, ambao timu yake hutoa toleo jipya kila baada ya wiki mbili. Katika orodha yao ndefu nimechukua majaribio matatu: bili ya mteja anayebadili kifurushi katikati ya mwezi, michoro ya dashibodi ya mteja, na zoezi la kufunga hesabu za mwaka. Ukiiuliza timu lipi lianze, wengi watataja dashibodi, kwa sababu ndiyo inayowachosha kila toleo. Hesabu, kama tutakavyoona, inasema vingine.

Hatua ya kwanza: hesabu marudio yaliyofanyika, si yaliyopangwa

Toa kumbukumbu za miezi kumi na miwili iliyopita na uhesabu ni mara ngapi kila jaribio lilifanywa kweli. Usitegemee kumbukumbu za watu, kwa maana mjaribu aliyechoka hukumbuka mara nyingi zaidi kuliko ilivyokuwa, na kiongozi wa timu hukumbuka kile kilichoandikwa kwenye mpango. Kwa mfumo wetu matoleo ni 26 kwa mwaka, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba majaribio ya bili na ya dashibodi yalirudiwa mara nyingine 14 baada ya hitilafu kurekebishwa, kwa hiyo kila moja lilifanywa mara 40. Zoezi la kufunga mwaka lilifanywa mara moja tu. Kwa kila jaribio andika pia dakika zinazotumika, ukijumlisha maandalizi ya data: bili huchukua dakika 25, dashibodi dakika 10, na kufunga mwaka saa 4.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo hata wazoefu hulifanya hapa. Jaribio likishaotomatishwa litaendeshwa kila msanidi anapoingiza badiliko, pengine mara mia kadhaa kwa mwaka, na mtu huchukua idadi hiyo mpya, akaizidisha kwa dakika za mkono, akapata akiba ya kupendeza ambayo haipo. Hakuna mtu ambaye angefanya majaribio hayo mamia kwa mkono, kwa hiyo hakuna dakika zilizookolewa. Faida ya kuendesha mara nyingi ni ya kweli, lakini ni ya aina nyingine: hitilafu hugunduliwa saa chache baada ya kuingia badala ya wiki mbili baadaye, wakati msanidi bado anakumbuka alichokiandika. Faida hiyo iweke upande wa hatari, tutakakofika. Usiichanganye na akiba ya muda.

Hatua ya pili: pima uthabiti kwa matoleo yaliyopita

Swali la uthabiti halijibiwi kwa kumwuliza msanidi kama sehemu fulani "imetulia", kwa sababu kila msanidi huamini kwamba kazi yake itatulia toleo lijalo. Anza na historia ya msimbo. Amri ifuatayo huhesabu mabadiliko yaliyoingia katika folda ya malipo kwa miezi sita:

```
git log --since="6 months ago" --oneline -- src/malipo/ | wc -l
```

Namba hiyo ni ya kukuelekeza pa kutazama tu, wala si jibu lenyewe. Folda inaweza kuwa na mabadiliko mia moja ya ndani yasiyobadilisha tabia hata moja ambayo jaribio linaiangalia, na folda nyingine ikawa na mabadiliko matatu yaliyohamisha kila kitufe kwenye skrini. Kinachotakiwa ni kuchukua matoleo sita ya mwisho, moja baada ya jingine, na kujiuliza: kama jaribio hili lingekuwa limeshaandikwa, je, toleo hili lingenilazimisha kulihariri? Kazi hii humchukua mtu mmoja saa moja au mbili, na kwa maoni yangu ndiyo saa yenye thamani kuliko zote katika zoezi hili.

Kwa mfumo wetu majibu ni haya. Kanuni ya kukokotoa bili iliguswa katika toleo moja kati ya sita, pale kifurushi kipya kilipoongezwa. Dashibodi ilibadilishwa katika matoleo matano kati ya sita, mara rangi, mara mpangilio, mara aina ya mchoro, kwa kuwa wabunifu bado wanatafuta sura yake. Kufunga mwaka hakukuguswa moja kwa moja, ingawa hutegemea data inayobadilika umbo kila mwaka.

Hatua ya tatu: kadiria matengenezo kabla ya kukadiria uandishi

Timu nyingi hukadiria kwa uangalifu muda wa kuandika jaribio, kisha matengenezo hupewa asilimia ndogo ya kubuni. Mpangilio huo umepinduka, kwa sababu uandishi hulipwa mara moja, ilhali matengenezo hulipwa kwa maisha yote ya jaribio. Makadirio yatoke kwenye hatua ya pili. Kama bili huguswa mara moja katika matoleo sita, basi kwa matoleo 26 itaguswa takribani mara 4, na kila marekebisho tukiyapa dakika 45 tunapata dakika 180 kwa mwaka. Dashibodi, kwa uwiano wa tano kwa sita, itaguswa karibu mara 22, na kwa dakika 40 kila mara jumla ni dakika 880.

Matengenezo hayatokani na mabadiliko ya mfumo peke yake. Sehemu nyingine kubwa hutokana na majaribio vigeugeu, yaani yale yanayofeli leo na kupita kesho bila msimbo kuguswa: ukurasa umechelewa kupakia, majaribio mawili yametumia akaunti moja kwa wakati mmoja, au seva ya majaribio imezidiwa. Kigeugeu kidogo kinaonekana hakina madhara hadi ukikizidisha. Tuseme kila jaribio hufeli bila sababu mara moja tu katika mara mia. Ukiwa na majaribio mia moja ya namna hiyo, uwezekano wa mzunguko mzima kupita bila hata moja kufeli ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara mia, ambayo ni takribani asilimia 37. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mizunguko yako itaonyesha wekundu wa kufeli usio na hitilafu yoyote nyuma yake, na kila wekundu humchukua mtu dakika za kuchunguza. Baada ya wiki chache watu huacha kuchunguza na kubonyeza tu kitufe cha kurudia, na hapo hitilafu ya kweli hupita ikiwa imevaa nguo za kigeugeu.

Kuna chanzo cha tatu, kisichoonekana kwenye historia ya msimbo. Katika timu moja niliyofanya nayo kazi, tulifungua kompyuta siku ya kwanza ya kazi ya mwaka 2024 tukakuta majaribio yapatayo arobaini yamefeli kwa mpigo, wakati hakuna aliyegusa msimbo tangu kabla ya sikukuu. Wawili wetu tulipoteza nusu siku tukichunguza seva na hifadhidata. Sababu ilikuwa mstari mmoja katika faili ya data ya majaribio, ambapo tarehe ya mwisho ya mkataba wa mteja wa kubuni iliandikwa `2023-12-31`. Mteja wetu alikuwa ameisha mkataba, na kila jaribio lililomtumia lilikataliwa mlangoni. Wa kwanza kupendekeza dawa alitaka tarehe ihesabiwe kutoka siku ya leo, lakini hilo huleta tatizo jingine mwisho wa mwezi na tarehe 29 Februari. Dawa iliyodumu ilikuwa kuupa msimbo tarehe ya "leo" kama kigezo, ili kila jaribio liishi katika siku yake ileile daima. Tangu hapo, ninapokadiria matengenezo, huuliza jaribio linategemea nini kilicho nje yake: saa, kisanduku cha barua pepe, akaunti iliyokodishwa, huduma ya mtu mwingine. Kila utegemezi ni bili itakayofika siku usiyoitarajia.

Hatua ya nne: weka hesabu mezani

Sasa namba zinatosha kwa hesabu ya mwaka wa kwanza, ambayo si ngumu:

```
faida = marudio × (dakika_za_mkono − dakika_za_kusoma_matokeo)
        − uandishi − matengenezo
```

Tuipe bili dakika 360 za uandishi, yaani saa 6, na dakika 1 ya kusoma matokeo kila mara. Mara 40 zikizidishwa kwa dakika 24 ni dakika 960. Tukitoa 360 na 180 zinabaki 420, yaani saa 7 za faida katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili uandishi haupo tena, na faida hupanda hadi dakika 780. Dashibodi, kwa uandishi wa dakika 480, ni mara 40 kwa dakika 9, yaani 360, ikitolewa 480 na 880: hasara ya dakika 1,000. Tazama zaidi mwaka wa pili, ambapo 360 ikitolewa 880 bado ni hasara ya dakika 520. Hata mtu angekuandikia jaribio hilo bure, lingeendelea kukula kila mwaka. Hili ndilo jaribio lililoonekana kuwa la kwanza katika foleni kwa sababu hurudiwa mara nyingi.

Ndiyo maana siungi mkono jedwali lile ambalo timu nyingi hulitumia, la kukipa kila kigezo alama moja hadi tano kisha kujumlisha. Marudio ya alama tano hufidia uthabiti wa alama moja, na jaribio hupita kwa wastani mzuri, wakati katika hali halisi marudio mengi hayawezi kuufidia uthabiti mbovu. Mfumo usiotulia hula akiba yote na kudai nyongeza. Uthabiti uwe lango: kama matoleo zaidi ya nusu yangelazimisha kulihariri jaribio, liache mkononi kwa sasa, hata alama nyingine ziwe nzuri kiasi gani. Nusu si kanuni iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni mahali ambapo, kwa majaribio mafupi ya dakika kumi au kumi na tano, nimeona hesabu ikigeuka hasara mara kwa mara.

Hatua ya tano: chagua ngazi kabla ya kukata tamaa au kufurahi

Namba za bili hapo juu zilichukulia kwamba jaribio linaita moja kwa moja kanuni ya kukokotoa, bila kufungua kivinjari. Chukua mteja anayelipa 3,000 kwa mwezi wa siku 30, akahamia kifurushi cha 6,000 kuanzia siku ya 11. Siku 10 za kwanza ni 100 kila siku, siku 20 zilizobaki ni 200 kila siku, na bili ni 5,000:

```python
def test_kubadili_kifurushi_siku_ya_11():
    bili = kokotoa_bili(zamani=3000, mpya=6000,
                        siku_ya_kubadili=11, siku_za_mwezi=30)
    assert bili == 5000
```

Jaribio hili humalizika kabla hujapepesa macho, na ni rahisi kuliongezea ndugu zake: mwezi wa siku 28, ambapo 3,000 haigawanyiki sawasawa na ukadirishaji wa sehemu za mwisho huanza kuleta ugomvi, mteja anayebadili siku ya kwanza, mteja anayebadili mara mbili katika mwezi mmoja. Mjaribu wa mkono mara nyingi hana muda wa kuzigusa pembe hizi.

Sasa fanya jaribio hilohilo kupitia kivinjari: ingia, fungua ukurasa wa kifurushi, bonyeza, soma bili kwenye skrini, kwa hali zote nane zilizo katika orodha ya mkono. Uandishi unafika dakika 900. Ukurasa wa malipo huguswa mara mbili katika matoleo sita, kwa hiyo takribani mara 9 kwa mwaka, na kwa dakika 45 ni dakika 405 za matengenezo. Faida ya mwaka wa kwanza ni 960 ikitolewa 900 na 405, ambayo ni hasara ya dakika 345. Kitu kinachojaribiwa ni kilekile na marudio ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali ulipoligusa. Uamuzi wetu ulikuwa kuziweka hali zote nane kwenye ngazi ya kanuni, na kubakiza jaribio moja tu la kivinjari la kuhakikisha kwamba namba iliyokokotolewa ndiyo inayofika kwenye ukurasa.

Hatua ya sita: hatari iulizwe peke yake, mwishoni

Tukilipitisha zoezi la kufunga mwaka katika hesabu, linakufa papo hapo. Linaokoa dakika 240 kwa mwaka, uandishi wake ni dakika 1,200, na matengenezo ya data dakika 180, kwa hiyo kila mwaka linarudisha dakika 60 tu na litahitaji miaka 20 kulipa gharama yake. Lakini kosa katika kufunga mwaka hufika kwenye taarifa ya kila mteja kwa wakati mmoja, na kurekebisha taarifa zilizokwisha kutumwa si kazi ya dakika. Hapa hesabu ya muda haina la kusema, na ni makosa kuilazimisha iseme.

Mfano unaojulikana wa kazi ya nadra yenye hatari kubwa ni ule wa kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, Knight Capital. Fundi alinakili msimbo mpya kwa mkono kwenye seva nane, akaisahau moja, wala hapakuwa na mtu wa pili wa kukagua. Tarehe 1 Agosti 2012 soko lilipofunguliwa, seva iliyobaki na msimbo wa zamani ilianza kutuma oda ambazo hakuna aliyezikusudia, na ndani ya dakika zipatazo 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola za Marekani milioni 400. Kulinganisha toleo la msimbo kwenye seva nane ni kazi ya mistari michache, na kwa hesabu ya dakika zilizookolewa mistari hiyo isingejilipa kamwe.

Hata hivyo hatari kubwa haimaanishi kwamba zoezi zima liotomatishwe. Jiulize ni kosa gani hasa unaloliogopa, kisha otomatisha ukaguzi wa kosa hilo tu. Katika kufunga mwaka, tuliogopa salio la mwisho lisilolingana na jumla ya miamala ya mteja. Swali moja kwa hifadhidata linatosha:

```sql
SELECT s.mteja_id, s.salio, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM salio_la_mwisho s
LEFT JOIN miamala m ON m.mteja_id = s.mteja_id
GROUP BY s.mteja_id, s.salio
HAVING s.salio <> COALESCE(SUM(m.kiasi), 0);
```

Jibu sahihi ni orodha tupu. `LEFT JOIN` ipo kwa makusudi, kwa sababu `JOIN` ya kawaida ingemficha mteja mwenye salio lakini asiye na muamala hata mmoja, naye ndiye wa kumtazama kwanza. Swali hili linachukulia kwamba jedwali la miamala lina historia yote ya mteja na kwamba kiasi kimehifadhiwa kama desimali kamili. Kikihifadhiwa kama namba ya nukta inayoelea, utapata tofauti za sehemu ndogo mno zisizo na maana na utaanza kuzipuuza. Uandishi ulichukua saa 2. Hatua nyingine za kufunga mwaka, kama kusoma taarifa kwa macho na kuhakikisha maneno yake ni sahihi, zilibaki kwa mjaribu.

Baada ya miezi mitatu

Rudi kwenye hesabu zako na uweke dakika halisi za matengenezo kando ya zile ulizokadiria. Jaribio ambalo limekula mara mbili ya makadirio kwa miezi mitatu lishushwe ngazi au lifutwe. Kulizima "kwa muda" ni kulifuta bila kusafisha. Lile ambalo halijawahi kufeli nalo litazamwe, lakini si kwa kulihukumu, kwa maana ukimya wake una maana mbili: ama mfumo ni mzima, ama jaribio halikamati kitu. Livunje kwa makusudi: nenda kwenye kanuni ya bili, ifanye siku ya 11 ihesabiwe kwa bei ya zamani, kisha endesha. Bili itakuwa 4,900 na jaribio linapaswa kufeli. Likipita, tatizo haliko kwenye mfumo, liko kwenye jaribio.

Dashibodi tuliirudia kila robo ya mwaka kwa swali lilelile la matoleo sita. Robo ya kwanza jibu lilikuwa matano, ya pili manne, na ya tatu, baada ya wabunifu kukubaliana sura moja, likashuka hadi moja. Hapo matengenezo yanakuwa mara 4 kwa dakika 40, yaani 160 kwa mwaka, dhidi ya akiba ya 360, na uandishi wa dakika 480 unajilipa katika mwaka wa tatu. Timu iliamua kwamba hiyo bado ni mbali mno kwa skrini ambayo kosa lake mteja huliona na kulipuuza, na jaribio la dashibodi limebaki mkononi.